UCHAMBUZI: Jinsi mwekezaji mdogo anavyoweza kuzuia hisa moja mbaya isimfilisi

JUMATANO, Agosti 24, 2016, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kudhibiti riba za mikopo ya benki. Kufikia kesho yake, hisa za benki kubwa nchini, zikiwemo KCB na Equity, zilikuwa zimeporomoka hadi karibu na kikomo cha asilimia 10 ambacho Soko la Hisa la Nairobi, NSE, huruhusu bei kubadilika kwa siku moja.

Siku hiyo wauzaji walifurika huku wanunuzi wakitoweka. Mwekezaji aliyekuwa na hisa za benki moja miongoni mwa hisa zake nyingi alipata jeraha dogo. Yule aliyekuwa ameweka akiba yake yote katika benki, akiamini kwamba sekta hiyo haianguki, alibaki akitazama orodha ndefu ya watu waliotaka kuuza kabla yake.

Kuna mambo mawili ambayo huwatofautisha watu hawa wawili, na yote mawili huamuliwa kabla ya hisa kununuliwa. La kwanza ni agizo la kuzuia hasara, yaani maagizo kwa wakala kwamba hisa ikishuka hadi bei fulani, iuzwe. La pili ni kupima fungu, yaani kuamua ni sehemu gani ya akiba itakayoingia katika kampuni moja.

Wengi wanaofunzwa kuhusu soko la hisa huambiwa zaidi kuhusu lile la kwanza. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba katika soko kama letu, lile la pili ndilo ngao yenyewe. Agizo la kuzuia hasara husaidia tu pale ambapo mnunuzi yupo.

Agizo lenyewe linavyofanya kazi

Tuseme umenunua hisa kwa Sh20 na ukaamua kwamba ikifika Sh17, basi sababu iliyokufanya uinunue itakuwa imeharibika. Hiyo Sh17 ndiyo bei ya mpaka. Katika programu za simu za baadhi ya mawakala wa kimataifa, mahali pa kuijaza huandikwa Stop Loss.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Bei ya mpaka si ahadi kwamba utauza kwa bei hiyo. Ni kengele tu. Bei ikigusa Sh17, agizo lako ambalo lilikuwa limelala huamka na kuingia sokoni pamoja na maagizo mengine.

Likishaamka, linaweza kuwa la aina mojawapo kati ya mbili. Aina ya kwanza ni agizo la kuuza kwa bei yoyote inayopatikana. Hili lina uwezekano mkubwa wa kukutoa, lakini huenda likakutoa kwa Sh16 au Sh15 ikiwa hao ndio wanunuzi waliopo.

Aina ya pili ni agizo lenye kikomo, ambalo huagiza kuuza Sh17 ikifikiwa lakini si chini ya, kwa mfano, Sh16.50. Hili hulinda bei, ila bei ikiruka kikomo hicho, hutauza hata hisa moja na utaendelea kushuka nayo. Kwa hivyo anayechagua kati ya haya mawili huchagua aina ya hatari: ama hatari ya bei mbaya au hatari ya kutouza kabisa.

Si kila wakala wa Nairobi anayempa mteja mdogo nafasi ya kuacha agizo la aina hii likiwa limelala katika mtambo. Kwa wengi, njia iliyopo ni kuifanya kazi hiyo kwa mkono. Unaandika bei ya mpaka katika daftari siku unaponunua, unaangalia bei ya kufunga soko kila jioni, na ikiwa imefika mpaka, unatuma agizo la kuuza asubuhi inayofuata.

Njia hii ya daftari ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni mwenye daftari. Asubuhi ikifika huanza kujiambia kwamba bei itarudi, kwamba angoje mgao wa faida utangazwe, au kwamba hasara si hasara mpaka uuze. Mtambo hauna mazungumzo hayo.

Bei inapopita mpaka bila kusimama

Kikomo cha asilimia 10 kwa siku kiliwekwa ili kuwapa watu muda wa kutulia. Hupimwa kutokana na bei ya wastani ya siku iliyotangulia. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kutoka, kikomo hicho huweza kugeuka kuwa mlango uliofungwa.

Turejee kwenye hisa yetu ya Sh20 yenye mpaka wa Sh17. Siku ya kwanza habari mbaya inatoka na bei inaanguka hadi Sh18. Mpaka wako haujaguswa, kwa hivyo agizo bado limelala.

Siku ya pili, wauzaji wote wanaanza moja kwa moja kwenye bei ya chini kabisa inayoruhusiwa, ambayo ni Sh16.20. Hakuna anayenunua kwa Sh17, wala Sh16.50. Kengele yako imelia, agizo lako limeingia kwenye foleni, lakini mbele yako wapo watu wenye mamia ya maelfu ya hisa waliotangulia kujipanga.

Siku ya tatu, kiwango cha chini kinakuwa Sh14.58. Sasa wanunuzi wachache wanajitokeza na hisa zako zinauzwa kwa Sh14.60. Ulijiandaa kupoteza Sh3 kwa kila hisa, ukapoteza Sh5.40, na hiyo ni kabla ya ada za wakala. Hakuna aliyekudanganya, agizo lilifanya yote linayoweza kufanya.

Hali huwa mbaya zaidi katika kampuni ambazo hisa zake huuzwa kwa nadra. Katika NSE biashara nyingi hufanyika katika kampuni chache kubwa, huku zipo nyingine ambazo siku nzima hubadilisha hisa mia chache tu. Katika kampuni ya aina hiyo, muuzaji mmoja mwenye haraka anaweza kuisukuma bei ifike kwenye mpaka wako, agizo lako likaamka, nawe ukawa ndiye muuzaji wa pili mwenye haraka.

Kipimo rahisi ni kuangalia idadi ya hisa zinazouzwa kwa siku ya kawaida, kwa wiki tatu au nne zilizopita. Ikiwa hisa unazotaka kununua zinazidi sehemu moja kwa kumi ya idadi hiyo, usitegemee agizo la kuzuia hasara. Hesabu kana kwamba halipo.

Soko linapofunga mlango

Kuna pigo ambalo hakuna agizo linaloweza kulikinga, nalo ni kusimamishwa kwa biashara ya hisa zenyewe.

Julai 3, 2020, biashara ya hisa za shirika la ndege la Kenya Airways ilisimamishwa wakati serikali ilipokuwa ikipanga kulitwaa shirika hilo. Bei ya mwisho ilikuwa Sh3.83. Biashara ilirejelewa Januari 2025, baada ya zaidi ya miaka minne.

Fikiria mwekezaji aliyekuwa na mpaka wa Sh3.50. Agizo lake lilikuwa sahihi, lakini halikuwa na soko la kuingia. Kwa miaka hiyo yote asingeweza kuzitumia pesa hizo kulipa karo wala matibabu. Kwa bahati yake, hisa hizo zilirudi sokoni.

Wenye hisa za Mumias hawakuwa na bahati hiyo. Kampuni hiyo ya sukari iliyoingia sokoni mwaka 2001 ilikuwa kipenzi cha wawekezaji wadogo, hasa magharibi mwa nchi, ambako wakulima wa miwa walijiona wenye kiwanda. Mwaka 2012 hisa yake ilikuwa bado ikiuzwa kwa karibu Sh5. Miaka michache baadaye ilikuwa imekaribia shilingi moja.

Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu na benki iliyokuwa ikiidai. Novemba mwaka huo biashara ya hisa zake ilisimamishwa, bei ikiwa senti 27.

Mumias inafunza mambo mawili kwa pamoja. Anguko lake lilichukua miaka, si siku. Katika muda huo wote wanunuzi walikuwapo, na mpaka wowote uliowekwa kwa busara, uwe asilimia 15 au 25 chini ya bei ya kununulia, ungemtoa mtu akiwa bado na sehemu kubwa ya pesa zake. Hapo agizo la kuzuia hasara lingefanya kazi yake kikamilifu.

Ila mtu aliyenunua mwishoni, akidhani kwamba hisa ya senti 30 haiwezi kushuka zaidi, alikuta mlango umefungwa. Swali la pekee lililobaki kwake lilikuwa: je, ulikuwa umeweka kiasi gani?

Hesabu mbili kabla ya kununua

Hapa ndipo kupima fungu kunapoingia. Makosa ya wengi ni kuanza na kiasi cha pesa kilichopo mfukoni, kununua hisa kadiri kinavyotosha, kisha kutafuta mahali pa kuweka mpaka. Mpangilio ufaao ni kinyume chake. Kwanza amua bei ya mpaka, kisha hasara unayoweza kuivumilia, na mambo hayo mawili yakuambie ni hisa ngapi za kununua.

Chukua mfano wa mwalimu aliyetenga Sh200,000 kwa ajili ya hisa. Ameamua kwamba kosa moja lisimgharimu zaidi ya asilimia 2 ya akiba hiyo, yaani Sh4,000. Anaitaka ile hisa ya Sh20, na mpaka wake ni Sh17.

Pengo kati ya bei hizo ni Sh3. Lakini asisahau ada. Tuchukulie kwamba kununua kunamgharimu asilimia 2 na kuuza asilimia 2. Hiyo ni senti 40 kwa kila hisa anaponunua na senti 34 anapouza kwa Sh17. Hivyo hasara kamili kwa kila hisa ni Sh3.74.

Akigawa Sh4,000 kwa Sh3.74 anapata hisa 1,069. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, na inajibu swali hili: ninunue ngapi ikiwa agizo langu litafanya kazi?

Hesabu ya pili hujibu swali gumu zaidi: ninunue ngapi ikiwa agizo halitafanya kazi kabisa? Mwalimu anajiuliza ni kiasi gani cha akiba yake kinaweza kufungiwa kwa miaka minne, au kupotea chote, bila maisha ya nyumbani kuyumba. Tuseme anajibu asilimia 8, yaani Sh16,000. Kwa bei ya Sh20, hizo ni hisa 800.

Kati ya majibu hayo mawili, anachukua lililo dogo. Ananunua hisa 800, anazilipia Sh16,320 pamoja na ada, na kiasi kinachosalia hakigusi kwa ajili ya kampuni hiyo.

Sasa tuijaribu hesabu hiyo. Ikiwa bei itashuka taratibu na hisa ziuzwe kwa Sh17, atapoteza Sh2,992, ambayo ni asilimia moja na nusu ya akiba yake. Ikiwa bei itaporomoka kwa siku tatu kama tulivyoeleza na auze kwa Sh14.60, atapoteza takriban Sh4,870, ambayo ni chini ya asilimia 2.5.

Na ikiwa hisa zitasimamishwa na zisirudi tena, atapoteza Sh16,320, yaani asilimia 8.2. Ni jeraha, lakini anabaki na Sh183,680. Kiasi hicho kikizalisha takriban asilimia 9, atakuwa amerejea alipoanzia.

Mlinganishe na jirani yake mwenye Sh200,000 zizo hizo, aliyeweka nusu yake katika kampuni hiyo moja na kununua hisa 4,900. Mpaka wake ni uleule wa Sh17. Poromoko la siku tatu litamtoa karibu Sh30,000, yaani asilimia 15 ya kila alicho nacho. Hisa zikisimamishwa na zisirudi, itambidi aizidishe maradufu nusu iliyobaki ili arudi alipokuwa.

Watu hawa wawili walichagua kampuni moja, siku moja, kwa bei moja na mpaka mmoja. Tofauti yao yote imo katika idadi ya hisa.

Mpaka uwe wapi?

Wapo wanaoweka mpaka karibu sana, asilimia 3 au 4 chini ya bei ya kununulia, wakidhani kwamba wanajilinda zaidi. Hisa nyingi huyumba kwa kiwango hicho ndani ya wiki moja bila habari yoyote. Mtu huyo atatolewa kila mara, na kila akitoka na kuingia tena atalipa ada ya karibu asilimia 4. Atakuwa amefilisiwa na ada kabla ya kufilisiwa na soko.

Njia bora ni kuchukua bei za miezi miwili au mitatu iliyopita na kuangalia hisa hiyo huyumba kutoka wapi hadi wapi katika wiki za kawaida. Mpaka uwe chini ya mayumbo hayo, mahali ambapo bei ikifika, itakuwa imefanya jambo ambalo haikuwa ikifanya.

Ikiwa mahali hapo pako mbali, usiusogeze mpaka karibu. Punguza hisa. Tuseme kwa ile hisa ya Sh20 mpaka ufaao ni Sh14 badala ya Sh17. Hasara kwa kila hisa, pamoja na ada, inakuwa Sh6.68, na zile Sh4,000 za mwalimu sasa zinamruhusu hisa 598 pekee. Hisa yenye mayumbo makubwa hupewa fungu dogo.

Hata ukiuweka vizuri, kuna siku mpaka utakukosesha. Mapema mwaka 2020 hisa ya Safaricom ilikuwa ikiuzwa kwa karibu Sh30. Machi mwaka huo, kisa cha kwanza cha corona kilipotangazwa nchini, NSE ililazimika kusitisha biashara kwa muda Ijumaa ya Machi 13 baada ya kipimo cha kampuni 20 kushuka kwa zaidi ya asilimia 5. Hisa ya Safaricom ilishuka hadi karibu Sh24. Aliyekuwa na mpaka wa asilimia 15 aliuza wakati huo, kisha akaitazama ikipanda na kupita Sh40 mwaka 2021.

Ni rahisi kusema kwamba mpaka huo ulikuwa kosa. Lakini mpaka wa namna hiyohiyo ungemtoa mtu hisa hiyo ilipoanza safari ya kushuka kutoka zaidi ya Sh40 hadi chini ya Sh15 kufikia mwisho wa 2023. Mwaka 2025 ilipanda tena na kupita Sh25. Agizo la kuzuia hasara halijui lipi ni anguko la mpito na lipi ni la kudumu. Hasara ndogo za mara kwa mara ndiyo ada ya bima inayolipwa ili kuepuka ile kubwa.

Mpaka pia haufai kuachwa bila kuangaliwa. Kampuni ikishatoa mgao wa faida, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia mgao huo baada ya siku ya mwisho ya kustahiki. Kampuni ikigawanya hisa zake, kama Equity ilivyofanya mwaka 2009 kwa kuigeuza kila hisa moja kuwa 10, bei hushuka hadi sehemu ya kumi ilhali mwenye hisa hajapoteza chochote. Mpaka ulioandikwa kabla ya mambo hayo lazima uhesabiwe upya.

Hisa tano zinapokuwa moja

Turudi kwenye Agosti 2016. Wapo waliokuwa wamefuata ushauri wa kutoweka zaidi ya sehemu ndogo katika kampuni moja. Walikuwa na benki nne au tano, kila moja ikiwa na fungu lake dogo. Sheria moja ilipopita, zote zilianguka siku moja.

Kwa hivyo anayepima fungu hana budi kuuliza pia ni tukio gani moja linaloweza kuziangusha hisa zake kadhaa kwa pamoja. Benki huguswa na sheria ya riba, kampuni za saruji huguswa na kudorora kwa ujenzi, na kampuni za chai huguswa na bei za mnada wa Mombasa. Kampuni za sekta moja zihesabiwe kama fungu moja kubwa, nalo liwe na kikomo chake. Kwa mwalimu wetu aliyeweka asilimia 8 kwa kampuni, asilimia 20 kwa sekta nzima ni mahali pazuri pa kuanzia.

Zamani kanuni hii ilikuwa ngumu kwa mwenye akiba ndogo. Katika bodi kuu ya NSE hisa ziliuzwa kwa mafungu ya 100, na kampuni yenye hisa ya Sh300 ilimdai mtu Sh30,000 kwa mara moja. Kwa mwenye Sh200,000 hiyo ni asilimia 15, karibu maradufu ya kikomo chake. Tangu Agosti 2025 soko limeruhusu kununua hata hisa moja, kwa hivyo kipimo kinaweza kufuatwa hata na mwenye Sh20,000, mradi achunguze kwanza kama wakala wake ana ada ya chini kabisa kwa kila agizo.

Kosa linalovunja kipimo

Kosa linaloharibu mpango mzuri kuliko yote ni kuongeza hisa za kampuni inayoshuka ili kupunguza wastani wa bei ya kununulia. Mtu aliyenunua kwa Sh20 hununua nyingine kwa Sh15 na kujifariji kwamba sasa wastani wake ni Sh17.50.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini tazama kilichotokea. Fungu lililokuwa asilimia 8 ya akiba yake sasa limekaribia asilimia 14, na limekua katika kampuni ileile ambayo soko linamwambia ina tatizo. Mumias ilikuwa na wateja wengi wa namna hii. Kila bei ilipokatika, ilionekana rahisi zaidi kuliko jana.

Tabia hii si ya Wakenya pekee. Mwaka 1998 mtafiti Terrance Odean wa Marekani alichapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za wateja wa wakala mmoja wa hisa. Aligundua kwamba wateja hao walikuwa wepesi wa kuuza hisa zilizopanda na wazito wa kuuza zilizoshuka. Aligundua pia kwamba, kwa wastani, hisa walizouza kwa faida zilifanya vyema katika mwaka uliofuata kuliko zile za hasara walizozing'ang'ania.

Pesa za mkopo huzidisha kosa hili. Mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma kwa Sh5, wengi walikopa benki ili wanunue. Kabla ya mwaka huo kwisha, bei ilikuwa chini ya Sh5 huku riba ikiendelea kuhesabiwa kila mwezi. Kwao kikomo cha asilimia 8 hakikuwa na maana, kwani fungu lilikuwa kubwa kuliko akiba yenyewe.

Dawa yake ni kuandika mambo manne katika daftari kabla ya kumpigia wakala simu: bei ya kununulia, bei ya mpaka, idadi ya hisa, na sababu ya kununua kwa sentensi moja. Kisha ongeza sharti moja: mpaka unaweza kusogezwa juu hisa inapopanda, lakini kamwe usisogezwe chini.

Mwekezaji akilifungua daftari hilo jioni na kukuta ameshausogeza mpaka chini mara mbili, hahitaji mchambuzi wa kumwambia kuna tatizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika soko la hisa ukuta huo hujengwa kwa karo ya watoto.